Basi Moja, Faida Mbili

Kampuni hufunga mwaka ikiwa na faida mbili. Ya kwanza ni faida ya kihasibu, ile wanayoonyeshwa wenye hisa na benki. Ya pili ni faida inayotozwa kodi, ile inayopelekwa Mamlaka ya Mapato. Hakuna udanganyifu hapo, wala vitabu viwili vinavyofichana. Biashara ni ile ile na risiti ni zile zile. Kinachotofautiana ni kanuni: mhasibu anafuata viwango vya uhasibu, vinavyomtaka aonyeshe hali halisi ya biashara kadiri awezavyo, na mkokotozi wa kodi anafuata sheria iliyopitishwa na Bunge, ambayo ina malengo yake, mojawapo likiwa kuwavutia watu wawekeze.

Kanuni hizo mbili hugombana zaidi kwenye uchakavu. Mtu akinunua basi, hawezi kutoa bei yote kwenye mapato ya mwaka huo mmoja, kwa kuwa basi litafanya kazi miaka mingi. Gharama inagawanywa. Swali ni igawanywe vipi, na hapo mhasibu na sheria kila mmoja ana jibu lake.

Chukua kampuni ya usafiri nchini Tanzania iliyonunua basi la abiria 60 kwa shilingi milioni 400. Mmiliki anakadiria kwamba basi litapiga safari miaka 8, na baada ya hapo halitakuwa na thamani ya kuhesabika. Mhasibu anagawa sawasawa: milioni 50 kila mwaka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiulizi makadirio ya mmiliki. Nyongeza yake ya Tatu inapanga mali katika madaraja, na basi la abiria 30 au zaidi limo katika daraja la pili, lenye punguzo la asilimia 25 kwa mwaka. (Basi dogo lisilofika abiria 30 limo daraja la kwanza, na punguzo lake ni asilimia 37.5.) Asilimia hiyo inahesabiwa kwenye thamani iliyobaki, si kwenye bei ya kununulia. Kwa hiyo mwaka wa kwanza punguzo ni milioni 100, wa pili milioni 75, wa tatu milioni 56.25, wa nne kama milioni 42.2, na kuendelea kushuka.

Tuseme biashara haitikisiki hata kidogo: kila mwaka, kabla ya kutoa uchakavu, inabakiwa na milioni 150. Kwa mhasibu, faida ni milioni 100 mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Kwa mkokotozi wa kodi mambo ni mengine. Mwaka wa kwanza faida inayotozwa kodi ni milioni 50 tu, na kwa kiwango cha asilimia 30 kodi ni milioni 15. Mwaka wa pili kodi inapanda hadi milioni 22.5, wa tatu inapita milioni 28, na wa nne inazidi milioni 32.

Sasa itazamwe taarifa ambayo mwenye hisa angepewa kama mhasibu angeandika kodi iliyolipwa na kuishia hapo. Faida baada ya kodi ingekuwa milioni 85 mwaka wa kwanza, milioni 77.5 wa pili, karibu milioni 72 wa tatu, na chini ya milioni 68 wa nne. Msomaji angesema kampuni inadidimia. Lakini abiria hawakupungua, nauli haikushuka, na dizeli haikupanda bei. Kilichobadilika ni ratiba ya punguzo peke yake. Hasara zaidi ni kwamba mmiliki, akiona milioni 85 mwaka wa kwanza, anaweza kuzigawa zote kama gawio, asijue kwamba milioni 15 kati yake si nafuu aliyopewa moja kwa moja. Ni kodi iliyosogezwa mbele.

Hiyo ndiyo kodi iliyoahirishwa. Mwaka wa kwanza sheria ilitoa punguzo kubwa kuliko uchakavu wa kihasibu kwa milioni 50. Kwa kuwa basi lina bei moja tu, punguzo lililotumika leo halitakuwepo kesho. Asilimia 30 ya milioni 50 ni milioni 15, na mhasibu anaiandika pande mbili: upande wa gharama, ikiongezwa juu ya milioni 15 zilizolipwa ili gharama yote ya kodi iwe milioni 30, na upande wa madeni kwenye mizania, ikiitwa kodi iliyoahirishwa. Faida baada ya kodi inakuwa milioni 70. Mwaka wa pili tofauti mpya ni milioni 25, deni linaongezeka kwa milioni 7.5, na gharama ya kodi inabaki milioni 30 ile ile. Faida ni milioni 70 tena, kama inavyopasa kuwa kwa biashara ambayo haikubadilika.

Mwaka wa nne ndio wa kugeuka. Punguzo la sheria, milioni 42.2, sasa ni dogo kuliko uchakavu wa kihasibu wa milioni 50. Kampuni inalipa kodi kubwa kuliko milioni 30, na ziada hiyo haiingii kwenye gharama ya mwaka, bali inapunguza deni lililowekwa miaka ya mwanzo.

Njia hii ya kufuatilia tofauti za kila mwaka ndiyo rahisi kueleweka, lakini ina udhaifu: mhasibu akikosea mwaka mmoja, kosa linabebwa miaka yote inayofuata bila kuonekana. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 12, kilipoandikwa upya mwaka 1996, kilihamisha macho kutoka kwenye faida na kuyaweka kwenye mizania. Haliulizwi tena tofauti ya mwaka huu ni ngapi. Linaulizwa basi lina thamani gani leo kwenye vitabu vya kampuni, na lina thamani gani leo machoni pa sheria ya kodi. Mwisho wa mwaka wa tatu, vitabu vinasema milioni 250. Hesabu ya kodi inasema milioni 168.75. Tofauti ni milioni 81.25, na asilimia 30 yake ni karibu milioni 24.4. Hilo ndilo deni linalopaswa kuonekana. Kama mwaka jana lilikuwa milioni 22.5, nyongeza ya karibu milioni 1.9 ndiyo inayokwenda kwenye gharama za mwaka huu. Kosa la zamani linajitokeza lenyewe, kwa sababu kila mwaka deni linapimwa upya toka mwanzo.

Kwa kuwa deni linapimwa kwa kiwango cha kodi kilichopitishwa kisheria kufikia siku ya kufunga hesabu, kiwango kikibadilika deni nalo linabadilika. Kenya ilipata somo hilo wakati wa janga la korona. Aprili 2020 kodi ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kuanzia 1 Januari 2021 ikarudishwa 30. Deni la milioni 24.4 la mfano wetu, likipimwa kwa asilimia 25, linakuwa milioni 20.3. Milioni 4 zinaingia kwenye faida bila abiria hata mmoja kupanda gari, na kiwango kikirudi zinatoka vilevile. Msomaji wa hesabu za kipindi hicho asiyejua hilo anaweza kusifu menejimenti kwa jambo lililofanywa na Bunge.

Si kila tofauti huzaa kodi iliyoahirishwa. Dereva wa kampuni akitozwa faini za barabarani za milioni 2 na kampuni ikazilipa, mhasibu anazitoa kwenye faida, lakini sheria haikubali faini ya kuvunja sheria kuwa gharama, si mwaka huu wala mwaka wowote ujao. Hiyo ni tofauti ya kudumu. Haina kesho ya kujirekebisha, basi haina cha kuahirishwa. Faida ya kihasibu inakuwa milioni 98, gharama ya kodi inabaki milioni 30, na kiwango halisi kinakuwa asilimia 30.6. Mkaguzi mzoefu huanzia hapo hapo: anagawa gharama yote ya kodi kwa faida kabla ya kodi, kisha anataka kila pointi inayozidi au kupungua asilimia 30 ipewe jina. Ikikosa jina, mara nyingi mtu amechanganya tofauti ya kudumu na ya muda, au ameuza gari na kusahau kulitoa kwenye hesabu ya kodi.

Tofauti ya muda inaweza pia kwenda kinyume. Kampuni hiyo ikikodisha mabasi kwa shule na kuhofia kwamba milioni 20 hazitalipwa, mhasibu anaitambua hasara leo. Sheria inasubiri hadi deni lishindikane kweli baada ya hatua za kulidai. Kampuni inalipa kodi mapema kuliko vitabu vinavyosema, na milioni 6 zinaandikwa upande wa mali. Hapa tahadhari ni kubwa zaidi, maana mali hiyo ina thamani tu kama siku za usoni kutakuwa na faida ya kutozwa kodi. Kampuni inayozama haina haki ya kujipamba kwa punguzo ambalo haitapata nafasi ya kulitumia.

Deni la kodi iliyoahirishwa nalo lina ugeni wake. Mamlaka ya Mapato haina daftari linaloonyesha kwamba inaidai kampuni milioni 24.4, na kampuni haina sanduku lililotunza fedha hizo. Isitoshe, kampuni inayoongeza basi jipya kila mwaka hupata tofauti mpya kabla za zamani hazijaisha, na deni linazidi kukua tu. Kwa sababu hiyo Uingereza, kwa zaidi ya miaka 20, iliruhusu kuandika tu ile sehemu iliyotarajiwa kulipwa kweli. Njia hiyo iliachwa, kwani ilitegemea mno mipango ya wakurugenzi. Hoja iliyoshinda ni kwamba kila basi lina safari yake, hata kama yadi haikosi mapya.

Na basi letu, mwaka wa nane ukiisha, vitabuni ni sifuri. Lakini asilimia 25 ya kinachobaki haimalizi kitu kamwe, na kwenye hesabu ya kodi bado lina kama milioni 40. Mambo yamegeuka: deni liliisha mwaka wa saba, na sasa kuna mali ya milioni 12. Fundi mmoja akilinunua basi hilo kwa milioni 40 ili apate injini, mhasibu anaandika faida ya milioni 40. Sheria ya kodi inatoa milioni 40 hizo kwenye thamani iliyobaki na haioni faida yoyote. Mali ya milioni 12 inafutwa. Faida ya kihasibu kwa miaka yote 8 ni milioni 840, na kodi iliyolipwa ni milioni 252, asilimia 30 kamili.