Mswada wa Mchezo wa Kwanza katika Mfululizo wa Vichekesho: Mfano wa Njia Panda ya Tinde

Siku hizi vichekesho vingi vya Kiswahili hutazamwa katika simu kwa njia ya mtandao, navyo hutolewa kwa mfululizo wa michezo mifupi yenye wahusika wale wale. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uandikwavyo mswada wa mchezo wa kwanza wa mfululizo wa namna hiyo. Waandishi wengi wanaoanza hudhani kwamba mchezo wa kwanza hauna budi kusimulia jinsi wahusika walivyokutana. Hivyo sivyo. Mtazamaji hataki historia yao; ataka kujua atacheka nini juma lijalo. Kwa hiyo mchezo wa kwanza wapasa kuwa siku moja ya kawaida, iliyochaguliwa vizuri.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika mchezo wa televisheni wa Kenya uitwao Vioja Mahakamani, mahali ni pale pale daima, yaani mahakama, na kesi ndiyo inayobadilika. Tena kesi yenyewe humpa mwandishi mgawanyo wa sehemu tatu bila taabu: mashtaka husomwa, ushahidi husikilizwa, hukumu hutolewa. Mtazamaji aliyekosa michezo kumi haoni kwamba amepotea njia, maana kila mchezo huanza upya na kila mhusika ana tabia ile ile aliyokuwa nayo jana. Mwandishi akitaka kuanzisha mfululizo wake mwenyewe, na atafute mahali penye tabia kama ya mahakama: mahali ambapo watu wa kudumu wana sababu ya kukaa, na wageni wana sababu ya kuja na kuondoka.

Tinde, katika mkoa wa Shinyanga, ni mahali pa namna hiyo. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo: moja huenda Shinyanga na Mwanza, nyingine huenda Isaka na Kahama. Basi, na tutunge mfano. Mama Kabula ana kibanda cha chai na chapati kando ya njia panda. Ana daftari la madeni wala hasamehi hata senti. Kulwa na Doto ni wapiga debe wa mabasi. Kama ijulikanavyo kwa Wasukuma, majina hayo ni ya mapacha, na Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Kulwa huahidi asichokuwa nacho; Doto humfuata huku akinung'unika. Mgeni wa mchezo huu ni kijana aendaye Kahama kuanza kazi, naye ameambiwa kwamba asipofika kabla ya jioni nafasi atapewa mwingine. Haja ya kijana huyu si mzaha, na ndiyo inayovuta mchezo mbele. Vichekesho visivyo na mtu mwenye haja ya kweli huchosha upesi.

Sasa tuangalie mzaha wa kujirudia. Mzaha wa namna hii si maneno yanayokaririwa ovyo. Mara ya kwanza hupandwa. Mara ya pili huhamishwa kwenye jambo jingine. Mara ya tatu humgeukia yule aliyeuanzisha, naye akaulipia. Hizo mara tatu ndizo maonyesho matatu ya mchezo wetu.

Katika onyesho la kwanza, kijana auliza basi liko wapi. Kulwa ajibu, "Lipo Nzega, linaingia sasa hivi," kisha amkalisha kwa Mama Kabula na kusema, "Kunywa chai, nitalipa mimi." Anapojitapa kwamba yeye ndiye mkubwa, Doto aongeza, "Kwa dakika kumi." Hapo mizaha miwili imekwisha kupandwa, na bado mtazamaji hajui kwamba ni mizaha.

Katika onyesho la pili saa nne zimepita. Kijana amekunywa vikombe sita na kula chapati nne, maana hana kazi nyingine ila kungoja. Mama Kabula adai fedha, na Kulwa ajibu bila kufikiri, "Mama, hela yako ipo Nzega, inaingia sasa hivi." Maneno ni yale yale, lakini yamehama kutoka kwenye basi hadi kwenye deni, na kwa hiyo yamepata uzito mpya. Mama Kabula hasemi neno; aandika katika daftari. Kimya hicho ni cha lazima, kwa sababu ndicho kinachoandaa onyesho la tatu.

Katika onyesho la tatu basi limefika kweli, na kondakta hangoji. Kulwa aja mbio, lakini kijana haonekani, kwa kuwa Mama Kabula amemfungia ndani ya kibanda.

KULWA: Mama, abiria wangu yuko wapi?

MAMA KABULA (akifuta meza): Yupo Nzega.

KULWA: Mama, basi linaondoka!

MAMA KABULA: Wasiwasi wa nini? Anaingia sasa hivi.

KULWA (kwa Doto): Toa fedha. Leo wewe ndiye mkubwa.

DOTO: Mkubwa? Kwa dakika ngapi?

Fedha zatolewa, kijana apanda basi, na mapacha wabaki njia panda kama walivyokuwa asubuhi. Abiria mwingine afika na kuuliza. Kulwa afumbua kinywa, amtazama Mama Kabula, akafumba. Mchezo umekwisha, na wa pili umekwisha kuahidiwa.

Mwandishi atajuaje kama mswada wake umesimama? Na aufunike safu ya majina ya wasemaji, kisha asome maneno peke yake. Akishindwa kutambua ni nani asemaye, wahusika bado hawajatengana. Pili, na aliondoe onyesho la pili lote, asome la kwanza na la tatu. Kama mchezo bado unaeleka vilevile, basi onyesho la pili lilikuwa la kujaza nafasi tu. Katika mfano wetu, likiondolewa, Mama Kabula hana sababu ya kumfungia kijana.

Lipo kosa jingine la kuangaliwa katika nchi hii, nalo ni kutegemea matamshi. Ni rahisi kumfanya Msukuma aseme "kula" mahali pa "kura" na kungoja watu wacheke. Mara moja watacheka. Mara ya kumi watachoka, na walio wa Shinyanga wataona kwamba wanachekwa wao, si Kulwa. Katika mchezo wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza kwa miaka mingi kama Mzee Ojwang' kwa matamshi ya Kijaluo, hali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lakini aliyependwa alikuwa yule mzee na vituko vyake nyumbani kwa Mama Kayai, wala si matamshi peke yake. Kwa hiyo inafaa maneno ya mswada yaandikwe kwa tahajia ya kawaida, na matamshi aachiwe mwigizaji.

Kuhusu urefu, waandishi wa filamu wamezoea kuhesabu ukurasa mmoja kuwa dakika moja. Kwa mchezo wa simu kurasa nane zinatosha: mbili za kupanda, tatu za kuhamisha, tatu za kulipa. Neno "Nzega" na lisikike katika nusu ukurasa wa kwanza, maana mtazamaji wa simu hana subira, na mzaha uliochelewa kupandwa hauna wakati wa kuiva.