Kipilefti Kimoja, Vipilefti Viwili

Kwenye mizunguko ya barabara palikuwa na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva wakae kushoto. Watu wakasikia “ki” mwanzoni, wakaipa kazi ileile inayofanya katika kiti na kisu. Mzunguko ukawa kipilefti, na ikiwa miwili, vipilefti.

Kitabu kilipitia njia hiyo zamani. Kwa Kiarabu, k ni sehemu ya mzizi, na wingi wake ni kutubu. Sisi tuliing’oa tukasema vitabu. Ushahidi ni katibu, neno la mzizi uleule: k yake haiguswi, tunasema makatibu. Madigadi nayo, kinga ya tope ya gari, ilidhaniwa kuwa wingi, ndipo fundi akatuzalia digadi moja. Lakini kilo imegoma. Hakuna anayenunua vilo viwili vya sukari.

Tafsiri ya kipande kwa kipande ni ngumu zaidi kuigundua, kwani maneno yote ni yetu. “Mwisho wa siku” ni msemo wa Kiingereza uliovaa kanzu. Ukiweza kuweka “hatimaye” bila kupoteza maana, basi jioni haikukusudiwa. Vipilefti navipenda, huo mwisho wa siku, hapana.