TAREHE KWA KIFARANSA

Sisi tunaosoma Kifaransa tunajua kwamba barua huanza kupoteza alama kabla ya salamu, pale juu kulia kwenye tarehe. Hebu tuchukue barua ya kumwalika rafiki wa Bujumbura, mji ambao Kifaransa hutumika ofisini. Tuseme iliandikwa Siku ya Madaraka, Jumamosi tarehe 1 Juni 2024.

Juu tunaandika: Timau, le 1er juin 2024. Mji hutangulia, kisha mkato, kisha neno le. Jina la mwezi huanza kwa herufi ndogo, hata mwezi ukiwa décembre; herufi kubwa ni mazoea yetu ya Kiswahili na Kiingereza. Ile 1er husomwa premier, yaani ya kwanza, nayo ni ya tarehe moja tu. Kesho yake ni le 2 juin, husomwa le deux. Ukiandika le deuxième, mwalimu atachora duara jekundu, na ana haki!

Ukitaka kutaja siku pia, andika le samedi 1er juin 2024, bila mkato kati ya samedi na tarehe. Hapa ndipo Kiswahili hututega. Jumatatu yetu ina tatu ndani yake kwa sababu hesabu ilianzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Kalenda ya Wafaransa huanza na lundi, na hiyo ndiyo Jumatatu. Anayehesabu tatu kwa vidole kuanzia lundi ataangukia mercredi, ambayo ni Jumatano, na mgeni atafika siku mbili baadaye, chakula kimekwisha. (Hata sisi wenyewe tuna Jumatano na Alhamisi, zote mbili zikibeba tano, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu!) Dawa ni kukariri lundi na Jumatatu pamoja, bila kuhesabu.

Tena chunga le. Ukimwandikia mgeni viens lundi, umemwambia aje Jumatatu hii. Ukiandika viens le lundi, ataelewa kwamba anakaribishwa kila Jumatatu. Sasa mama atapika mukimo mara ngapi?

Kwenye fomu utaona JJ/MM/AAAA, yaani jour, mois, année: siku, mwezi, mwaka. Madaraka yetu inakuwa 01/06/2024, kama tunavyoandika Kenya. Mmarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo kwake hiyo ni tarehe 6 Januari. Namba ya katikati ikizidi 12, utajua mara moja kwamba mwandishi alitanguliza mwezi. Zote mbili zikiwa chini ya 13, huwezi kujua kwa kutazama tu. Ndiyo maana kwenye barua mimi huandika mwezi kwa herufi, tena kamili: juin na juillet zikikatwa kuwa jui, hakuna atakayejua kama ni wa sita au wa saba.