Picha yako kwenye ukurasa wa klabu

Mkazi wa Malindi akikuta picha yake kwenye ukurasa wa Facebook wa klabu bila ridhaa yake, kwanza anakili kiungo cha chapisho na kupiga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Chapisho likifutwa kabla ya hapo, ushahidi umepotea.

Kisha aripoti. Wakaguzi wa Facebook hulipima chapisho kwa kanuni zao: utupu, vitisho, unyanyasaji. Picha ya kawaida mara nyingi hubaki, na hilo linaumiza.

Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Klabu ikikataa kuifuta, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, anayepaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Mwaka 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.