Kamba, Mtumbwi na Samaki: Siku ya Wakoboaji Mpunga Kule Matema

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona habari za safari za wafanyakazi zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo kazini. Kwa kawaida kuna picha ya mkurugenzi akikata keki, picha ya gari, na shukrani "kwa wote waliofanikisha". Hata aliyefanikisha hasa, akiisoma, hajioni. Leo tunakuletea habari za safari moja ya namna hiyo, ya kampuni ndogo ya kukoboa mpunga mjini Kyela, yenye wafanyakazi ishirini. Kwa ombi lao tunawataja kwa kazi zao tu. Majina yao kamili yameandikwa katika ubao wao, nako ndiko yanakohusika.

Hapana budi kwanza uelewe kwa nini safari hii ilikuwa na uzito. Mwaka uliotangulia walikwenda vilevile. Mmoja wa akina mama wanaochambua mawe na chenga katika mchele alianguka mchangani wakati wa mchezo, akapigwa picha. Picha hiyo ikabandikwa, na chini yake yakaandikwa maneno ya kumlinganisha na gunia lililomwagika. Watu walicheka siku mbili. Mama yule hakulalamika, lakini tangu siku ile aliacha kula pamoja na wenzake chini ya mwembe, na wachambuaji wengine wawili wakamfuata. Basi tangazo la safari ya mwaka huu lilipotoka, watatu hao walisema kwa adabu kabisa kwamba watabaki kuchambua.

Mkurugenzi hakuwalazimisha. Alimpa karani, mwendesha mashine na mmoja wa wachambuaji hao watatu kazi ya kupanga siku nzima, pamoja na habari yake. Kamati hiyo iliweka masharti mawili. La kwanza, hakuna picha itakayobandikwa kabla mwenye sura hajaiona yeye na maneno yake. Akisema "ondoa", inaondolewa bila kuulizwa sababu. La pili, kila jina katika orodha ya wafanyakazi lionekane angalau mara moja. Baada ya hapo wachambuaji wote watatu waliandikisha majina.

PICHANI: Wafanyakazi wanne wakiwa juu ya mizani ya magunia, Ijumaa jioni, kabla ya safari. Kutoka kushoto ni mhasibu, fundi wa mashine, mchambuaji na mkurugenzi. Mizani haikusema nani alikula ugali mwingi.

Mizani hiyo ilikuwa na shughuli maalumu. Timu mbili za kuvuta kamba zilipatikana kwa kura, ili ofisi isishindane na mashine. Zikaitwa Mbasa na Usipa, kwa majina ya samaki wa Ziwa Nyasa: mbasa ni mkubwa, hupanda mitoni kutaga mayai, usipa ni mdogo kama kidole, lakini huenda kwa makundi. Kila timu ilikuwa na wavutaji wanane. Kura ikileta wazito wote upande mmoja, mchezo unakuwa umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo uzito ulipaswa kupimwa. Lakini nani anapenda kilo zake zisomwe mbele ya wenzake? Karani akaona njia: wapande wanne wanne. Mbasa walitoka kilo 538, Usipa kilo 529. Tofauti ya kilo tisa haifiki debe la mchele, nayo ikaachwa. Kilo za mtu mmoja mmoja hakuna aliyezijua, wala hajui hata sasa.

Jumamosi asubuhi waliondoka watu kumi na tisa, wakapita Ipinda hadi Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka karibu kuingia ziwani. Mlinzi mmoja alibaki lindoni kwa zamu yake. Tutarudi kwake.

Mashua za injini na mitumbwi huchukuliwa asubuhi, kwa sababu mchana upepo huongezeka na mawimbi hupanda. Hivyo waliotaka kuona wafinyanzi wa Ikombe waliondoka mapema. Maboya ya kuvaa yalikuwa manane, basi abiria nao walikuwa wanane, na waliobaki walingoja zamu ya pili. Mtunza ghala, ambaye hajui kuogelea, alisema wazi kwamba yeye na maji wanaheshimiana kwa mbali. Hakuna aliyemsukuma kwa utani. Alipewa kazi ya kuandika majina ya wanaopanda na kuyahesabu wanaporudi, na inasemekana hajapata kuhesabu magunia kwa makini namna ile.

PICHANI: Wanne kati ya waliokwenda Ikombe wakitazama vyungu vya akina mama wa Kikisi, ambao ufinyanzi wao unajulikana kote pwani hii. Chungu kilichoko mikononi mwa dereva kilifika Kyela kizima, kinyume cha utabiri wa wengi.

Mchezo wa kamba ulichezwa saa tano. Mtunza ghala alikuwa amekuja na kamba ya nailoni inayofungia mizigo, mwendesha mashine akaikataa. Nailoni huvutika, alieleza, na ikikatika wakati imekazwa hurudi kwa nguvu ya kiboko na kuumiza vibaya. Wakachukua kamba nene ya katani. Aidha alionya kwamba mtu asijizungushie kamba mkononi: timu ikikokotwa ghafla vidole havina pa kutokea. Katika mzunguko wa pili kijana mmoja wa Mbasa alisahau, na mwamuzi, ambaye ni karani mjamzito aliyeketi kwenye kiti kivulini, alipuliza filimbi papo hapo. Mzunguko ukaanza upya, bila kelele.

Mwendesha mashine huyo ana mguu mmoja wenye hitilafu tangu utotoni. Kuvuta mchangani kunataka visigino viwili vilivyochimbiwa, naye alijua hilo kabla ya mtu yeyote kumwambia. Akachagua kuwa mpiga mdundo wa Usipa, yaani msimamizi anayesimama kando ya kamba na kuwaongoza wavutaji kwa sauti. Mbasa nao walikuwa na wao, dereva.

Mzunguko wa kwanza Mbasa walishinda upesi kwa nguvu za mikono. Wakati wa kubadilishana pande, kwa kuwa mchanga ulikuwa umeinama kuelekea ziwani, mwendesha mashine aliwaambia Usipa jambo moja tu: "Msivute. Kaeni chini, shikeni, ngojeni wapumue." Mikono huchoka mapema, miguu na mgongo huchelewa kuchoka. Usipa wakalala nyuma, kamba ikiwa imebanwa kwapani, wakatulia. Mbasa walitingisha, wakatingisha, kisha wakalegea kuvuta pumzi. Hapo ndipo sauti ilipotoka: "Twende!" na wanane wakapiga hatua moja nyuma kwa pamoja. Tena. Tena. Mzunguko wa pili ukawa wao, na wa tatu kadhalika.

PICHANI: Mkurugenzi (aliyeketi) baada ya mzunguko wa tatu. Maneno ya picha hii ameyaandika mwenyewe: "Nilikuwa nakagua ubora wa mchanga."

Angalia, msomaji, tofauti ya picha hii na ile ya mwaka uliotangulia. Zote mbili ni za mtu aliyeanguka. Hapa aliyeanguka ndiye mwenye cheo, na kicheko amekianzisha yeye. Pale alikuwa mtu wa mshahara mdogo kuliko wote, na maneno aliyakuta yameshabandikwa. Mkurugenzi alipewa picha tatu achague, akachagua iliyo mbaya zaidi.

Wakati wa chakula, samaki wa kuchoma na wali wa Kyela, utani wenyewe ulikuwapo. Mhasibu ni Mnyamwezi na dereva ni Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Dereva alipomwona mhasibu akihema na kapu la ndizi, alipaza sauti: "Babu zako walibeba pembe toka Tabora hadi Bagamoyo, wewe ndizi zinakushinda!" Mhasibu hakuchelewa: "Walibeba, ndiyo. Wako walikuwa wamekaa Bagamoyo wakiuliza kwa nini tumechelewa." Wote wakacheka, nao wawili kuliko wote. Utani wa namna hii una mpaka wake: unakwenda pande zote mbili, na mtani anayekuchokoza leo ndiye atakayefika kukusaidia siku ya msiba wako. Asiye mtani akisema maneno hayohayo, ni matusi. Kamati ilipotaka kuyaandika maneno hayo ubaoni, iliwauliza wote wawili, wakakubali kwa sharti kwamba yaandikwe yote, swali na jibu.

Jumatatu picha 64 zilipitishwa kwa mkono kutoka meza hadi meza. Wenyewe waliondoa 11. Karani aliweka alama mbele ya kila jina katika orodha, akakuta mtu mmoja hana picha hata moja: mpiga picha. Akapigwa yake hapohapo karibu na mashine.

Shukrani ziliandikwa mwisho, na kila moja ilitaja tendo lake. Tunazinakili baadhi:

"Tunamshukuru mwenye mashua, aliyekataa kuondoka na mtu wa tisa ingawa nauli ingeongezeka. Tunawashukuru akina mama wa Ikombe, waliotuonyesha jinsi chungu kinavyokunjwa mdomo, wakatuacha tujaribu na kuharibu viwili. Tunamshukuru mwamuzi, ambaye filimbi yake iliokoa vidole vinne. Tunawashukuru waume, wake na watoto waliokaa Jumamosi nzima bila sisi. Ndaga fijo."

Yule mama wa mwaka uliotangulia alivuta kamba upande wa Usipa, nafasi ya tatu. Alionyeshwa picha zake nne, akaondoa tatu. Iliyobaki imebandikwa katikati ya ubao.

PICHANI: Usipa wakiwa wamelala nyuma katika mzunguko wa pili, wakingoja Mbasa wapumue. Wa tatu kutoka mbele ni mchambuaji mchele. Hakuna aliyeanguka.

PICHANI CHINI: Mlinzi wa zamu ya Jumamosi akipokea samaki wake langoni, saa moja usiku. Alimpima kwa mkono, akauliza kama huyu ni Mbasa au ni Usipa aliyeshinda.