Uainishaji wa Mashine kwa Mikondo ya Maagizo na Data: Mfano wa ILLIAC IV

Mwaka 1966 Michael J. Flynn alipendekeza kompyuta ziainishwe kwa maswali mawili: mashine hutekeleza mikondo mingapi ya maagizo kwa wakati mmoja, na maagizo hayo hufanya kazi juu ya mikondo mingapi ya data? Majibu yake huzaa makundi manne. Kundi la mkondo mmoja wa maagizo na mmoja wa data halihitaji maelezo marefu, kwani ni kompyuta ya kawaida yenye kichakataji kimoja, kama vile IBM 1401.

Kundi la agizo moja na data nyingi huonekana vizuri katika ILLIAC IV, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois chini ya Daniel Slotnick. Ilikusudiwa kuwa na vichakataji 256, lakini vilijengwa 64 tu. Kitengo kimoja cha udhibiti kilisoma agizo na kulitangaza kwa vichakataji vyote, na kila kimoja kililitekeleza juu ya data iliyomo katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo namba 64 zilijumlishwa na nyingine 64 kwa agizo moja.

Udhaifu hujitokeza penye sharti. Tuchukulie kwamba namba hasi zinahitaji hatua 3, na zisizo hasi hatua 5. Kwa kuwa mkondo wa maagizo ni mmoja, vichakataji haviwezi kuachana njia. Kila kimoja huweka alama ya kushiriki au kutoshiriki. Hatua 3 hutangazwa huku vyenye namba zisizo hasi vikikaa kimya, kisha zamu hubadilishwa kwa hatua 5. Jumla ni hatua 8, mbali na ile ya kupima sharti. Iwapo namba 40 ni hasi na 24 si hasi, kazi yenye manufaa ni 240 kati ya nafasi 512, yaani chini ya nusu.

Katika kundi la maagizo mengi na data nyingi, ambamo zimo kompyuta za leo zenye viini vingi, kila kichakataji hufuata njia yake, na kazi hiyo huisha kwa hatua 5. Hata hivyo, viini viwili vikiongeza thamani katika jumla moja bila kusubiriana, nyongeza ya kimoja huweza kupotea. Dalili yake ni programu ileile, kwa data ileile, kutoa majibu tofauti kila inapoendeshwa.

Kundi la maagizo mengi juu ya data moja lina mifano michache yenye utata. Kompyuta za chombo cha anga cha Marekani hutajwa mara nyingi, lakini nne kati yake ziliendesha programu ileile ili kuhakikishana. Kwa maoni yetu, huo ni urudufu zaidi kuliko kundi la pekee.

Aidha, kiini kimoja cha leo huwa na maagizo yanayoshughulikia namba kadhaa kwa pamoja. Hivyo mashine yenye viini vingi huwa katika kundi moja ikitazamwa nzima, na katika jingine kikitazamwa kiini chake.