Taa Nyekundu ya Elsenham

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Desemba 2005, wasichana wawili walikata tiketi katika stesheni ndogo ya Elsenham, kijiji cha mkoa wa Essex nchini Uingereza. Mmoja alikuwa na miaka 14, mwenzake 13. Walikuwa wakienda Cambridge kununua vitu vya Krismasi. Dirisha la tiketi lilikuwa upande mmoja wa reli, na treni ya Cambridge ilisimama upande wa pili. Katikati palikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu chenye geti dogo kila upande, taa, na king'ora.

Taa ilikuwa nyekundu, king'ora kikilia, na treni yao ilikuwa inaingia. Wakasukuma geti, likafunguka, wakaingia relini. Treni nyingine, iliyotoka Birmingham kuelekea uwanja wa ndege wa Stansted, ikaja kwa upande wa pili ikawagonga. Wote wawili walifariki.

Habari ya ajali kama hii hujiandika yenyewe, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwandishi akishasikia kwamba taa ilikuwa nyekundu, anaona kazi imekwisha: watoto walipuuza onyo, basi. Sentensi hiyo ni ya kweli. Ila ilichukua zaidi ya miaka 6 na mahakama moja kuonyesha kwamba ukweli huo ulikuwa nusu tu ya habari.

Tuanze na taa yenyewe. Taa ya barabarani inamwambia mtu jambo moja, nalo ni kusimama. Taa ya kivuko cha reli kilichomo ndani ya stesheni ina shida yake. Inawaka treni inapokaribia, na mara nyingi treni hiyo ndiyo ile ile abiria anayoikimbilia. Kwa aliyesimama pale Elsenham na tiketi mkononi, wekundu ule na kelele zile vilikuwa na maelezo tayari: treni yangu imefika. Kumbe kulikuwa na treni ya pili, na taa haikuwa na namna ya kumwambia kwamba zilikuwa mbili. Iliendelea kuwa nyekundu vile vile, na king'ora kikalia kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo anayeripoti ajali ya tambukareli asiishie kuuliza kama taa iliwaka. Aulize iliwaka kwa ajili ya treni ipi, kwa muda gani kabla treni haijafika, na kama kulikuwa na alama yoyote ya kutofautisha treni moja na mbili. Kisha arudi pale siku nyingine, saa ile ile, asimame na saa mkononi. Taa ikizoea kukaa nyekundu kwa dakika nyingi bila kitu kupita, wenyeji wanajifunza kutoiamini, na mwandishi ataliona jambo hilo kwa macho yake. Watu watavuka mbele yake.

Jambo la pili ni geti, na ndilo lililokuja kuwa kiini cha kesi. Elsenham ilikuwa na mageti ya aina mbili. Yale makubwa ya magari yalikuwa chini ya mlinzi, yakifungwa na kufunguliwa kwa utaratibu uliounganishwa na ishara za treni. Yale madogo ya waenda kwa miguu hayakuwa na kufuli lolote, na mtu aliyasukuma wakati wowote, hata taa ikiwa nyekundu. Gari lilizuiwa kwa chuma. Mtu alizuiwa kwa rangi na kelele peke yake.

Jambo la tatu ni upeo wa kuona, yaani mtu akisimama pembeni mwa reli anaona umbali gani kila upande. Hili lina hesabu yake, na si ngumu. Mtu mzima hutembea karibu mita 1.2 kwa sekunde. Kama kuna njia mbili za reli, kutoka pale anapoamua kuvuka, mita 2 kabla ya reli ya kwanza, mpaka mahali salama ng'ambo ya pili ni kama mita 9. Atatumia sekunde 7 na nusu. Treni inayokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukizidisha, unapata mita 210. Asipoweza kuona umbali huo, basi anaweza kutazama vizuri, akaona reli tupu, akaanza kuvuka, na bado akagongwa. Kwa mzee, mtoto, au mama aliyebeba mzigo kichwani, muda huongezwa kwa nusu, na mita zinazohitajika zinapita 310.

Mwandishi anaweza kupima mwenyewe bila chombo cha ajabu. Anasimama mahali alipokuwa aliyegongwa, si katikati ya reli kama wapiga picha wanavyopenda, anainama mpaka kimo cha mtu yule, halafu anatazama mpaka reli inapopotea. Ni nini kinachoificha? Huenda ni kona, kichaka, ukuta, banda la muuza chipsi, au behewa lililoegeshwa. Anahesabu nguzo au anatembea kwa hatua pembeni, penye usalama, kwa ruhusa ya wenye reli. Na asisahau kitu kisichokuwepo tena wakati yeye anafika. Treni iliyosimama stesheni ni ukuta mrefu wenye magurudumu. Inaficha ile inayokuja nyuma yake, na ikishaondoka, mahali hapo panaonekana peupe kabisa, mtu akashangaa marehemu alishindwaje kuona.

Macho nayo yana udhaifu wake. Kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kinavyokwenda, na treni inayokuja moja kwa moja kuelekea mtazamaji haionekani kusogea, bali kunenepa kidogo kidogo, kisha ghafla imeshafika. Anayeandika kwamba marehemu "aliiona treni akajaribu kuiwahi" ajiulize amejuaje.

Wanaofuata ni mashahidi, na hapa pana mtego unaowanasa hata polisi. Watu wengi waliokuwepo mahali pa ajali hawakuiona. Walisikia kishindo, wakageuka, wakaona mwisho wake, kisha akili ikajazia mwanzo. Si waongo. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Swali la kwanza kwa shahidi liwe: ulikuwa unatazama wapi kabla ya kusikia chochote? Akijibu kwamba alikuwa anahesabu chenji, maelezo yake kuhusu rangi ya taa yana thamani ndogo, ingawa anachosema kuhusu sauti kinaweza kuwa dhahabu. Alisikia honi? Kabla ya breki au baada?

Neno la anayeuliza nalo linaharibu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Kimarekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, lakini kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa yalikwenda kasi gani "yalipopondana" walikadiria wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la upole, lenye maana ya kugusana, walikadiria karibu maili 32. Filamu zilikuwa zile zile. Sasa fikiria ripota anayefika pale akimwekea mama mbele ya umati kipaza sauti: "Mama, ulimwona alivyokimbilia mbele ya treni?" Jibu ameshalipika yeye mwenyewe. Swali safi ni fupi: niambie ulichokiona, tangu mwanzo.

Kwa bahati nzuri, shahidi mmoja hana hofu wala huzuni. Treni nyingi za sasa zina kinasa kumbukumbu kinachoandika mwendo, honi na breki, sekunde kwa sekunde. Mashahidi wanne wakisema honi haikulia na kinasa kikionyesha ililia, hilo halimalizi jambo. Huenda ililia, na king'ora cha kivuko au kelele za treni ya kwanza zikaifunika.

Elsenham ilichunguzwa na tawi la serikali la uchunguzi wa ajali za reli, lililokuwa limeanza kazi Oktoba ya mwaka ule ule. Tawi hilo hutafuta chanzo, halitafuti mkosaji. Mwaka 2007 baraza la uchunguzi wa vifo lilitoa uamuzi kwamba ilikuwa ajali ya bahati mbaya. Waandishi wengi walifunga madaftari yao.

Lakini familia hazikunyamaza. Baadaye nyaraka zikajitokeza. Waraka wa ndani wa mwaka 2001, miaka 4 kabla ya vifo, ulikuwa umeonya kuhusu hatari ya maafa katika kivuko kile na kutaka mageti yanayojifunga treni inapokuja yafikiriwe. Tathmini ya hatari ya mwaka 2002 nayo ilikuwa na mambo ambayo wachunguzi hawakuonyeshwa mapema. Shahidi mkubwa wa ajali ile, basi, alikuwa ndani ya kabati la faili, wala hakuwa amesimama stesheni siku ile. Ni swali ambalo ripota wa ajali huliacha kwa sababu halina picha: nani alishawahi kuandika kwamba mahali hapa pataua?

Kwa Afrika Mashariki swali hilo lipo karibu na nyumbani. Reli mpya za SGR zimezungushiwa uzio, na watu hupitishwa chini au juu yake. Reli ya zamani ya upana wa mita moja bado inakatiza mitaani, ikiwa ni pamoja na ile ya Dar es Salaam inayopitisha treni ya abiria ambayo watu waliibatiza jina la waziri Mwakyembe ilipoanza 2012. Vivuko hivi ni vya kawaida mno hivi kwamba Dodoma na Tabora zina kata zinazoitwa Tambukareli. Diwani, mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mkuu wa stesheni wanaweza kuwa na barua za malalamiko zenye tarehe. Mwandishi aziombe siku ya pili, kabla hazijapotea.

Machi 2012, katika Mahakama ya Taji mjini Chelmsford, kampuni ya miundombinu ya reli ya Network Rail, iliyokuwa imekiri makosa ya usalama, ilitozwa faini ya pauni milioni 1 kwa vifo vya Elsenham. Wakati huo mageti madogo yalikuwa yameshawekewa kufuli zinazojifunga treni inapokaribia, na daraja la waenda kwa miguu lilikuwa limesimama juu ya reli tangu 2007.